Maumivu ya Kichwa Ofisini na Darasani: Hewa Nzito Kama Chanzo na Namna ya Kuiondoa

Wapo watumishi wanaofika kazini asubuhi wakiwa wazima, lakini ifikapo saa nne au saa tano huanza kuhisi kichwa kizito, macho kuchoka na usingizi usio na sababu. Wapo pia wanafunzi wanaosikiliza vema kipindi cha kwanza, kisha wakaanza kupiga miayo na kushika vipaji vya nyuso katika kipindi cha tatu. Wengi hutafuta dawa ya kutuliza maumivu. Hata hivyo, maumivu yanayoanza baada ya muda ndani ya chumba kilichojaa watu na kupungua mara mtu anapotoka nje, mara nyingi huwa na chanzo chepesi kukiondoa, nacho ni hewa isiyobadilishwa.

Makala haya yanaeleza jinsi hewa ya chumba inavyochakaa, namna ya kutambua kuwa ndiyo inayosababisha maumivu, na hatua ambazo ofisi au shule inaweza kuzichukua kwa gharama ndogo au bila gharama yoyote.

Hewa ya chumba huchakaa vipi

Mtu mzima aliyeketi akifanya kazi za mezani hutoa takribani lita 18 za hewa ukaa, yaani kabonidayoksaidi, kwa kila saa. Pamoja na hewa hiyo, mwili hutoa joto, mvuke na harufu. Nje ya nyumba vitu hivyo hutawanyika. Ndani ya chumba kilichofungwa hubaki na kuongezeka kila dakika.

Kiasi cha hewa ukaa hupimwa kwa sehemu kwa milioni. Hewa ya nje huwa na takribani sehemu 420. Mwanasayansi wa Ujerumani Max von Pettenkofer alipendekeza mwaka 1858 kuwa hewa ya chumba wanamokaa watu isizidi sehemu 1,000, na kipimo hicho kingali kinatumika sehemu nyingi kama alama ya kuonyesha kuwa chumba kinapata hewa mpya ya kutosha.

Ni muhimu kuelewa maana ya alama hiyo. Chumba kinapofikisha sehemu 2,000 si kwamba hewa ukaa imegeuka sumu, wala oksijeni haijakwisha. Kipimo hicho kinaonyesha kuwa watu wanavuta tena na tena hewa iliyokwisha kutumika, iliyochanganyika na joto, unyevu na harufu za miili, vumbi na vifaa vya ofisi. Mchanganyiko huo, pamoja na upungufu wa maji mwilini unaoletwa na joto, ndio unaohusishwa na maumivu ya kichwa, uchovu na kushindwa kuzingatia kazi.

Mfano wa ofisi yenye kiyoyozi

Tuchukue ofisi ya jijini Dar es Salaam yenye urefu wa mita 6, upana wa mita 5 na kimo cha mita 2.8. Chumba hicho kina mita za ujazo 84 za hewa. Ndani yake wamo watumishi 12, madirisha yamefungwa ili kuzuia joto na kelele za barabarani, na kiyoyozi cha ukutani kinafanya kazi tangu asubuhi.

Watumishi hao kwa pamoja hutoa takribani lita 216 za hewa ukaa kwa saa. Iwapo chumba kimezibwa kabisa, kiwango hupanda kwa zaidi ya sehemu 2,500 katika saa moja. Hii ina maana kuwa kikomo cha 1,000 hupitwa ndani ya robo saa, na baada ya saa moja chumba hukaribia sehemu 3,000. Kwa kuwa mlango hufunguliwa mara kwa mara na hewa kidogo hupenya kwenye nyufa, hali halisi huwa chini ya hapo, lakini haiwi mbali sana.

Hapo ndipo wengi hushangaa, kwa sababu chumba ni baridi na kinaonekana kuwa na hewa safi. Ukweli ni kwamba kiyoyozi cha aina hiyo hakileti hewa ya nje. Huvuta hewa iliyomo chumbani, huipoza, kisha huirudisha humo humo. Bomba linaloelekea nje hupitisha gesi ya kupozea na kutoa maji, si hewa ya kuvuta. Pangaboi nalo huzungusha hewa iliyomo. Hupunguza adha ya joto lakini halibadilishi hewa.

Namna ya kutambua

Pua si shahidi wa kutegemewa, kwani huzoea harufu ndani ya dakika chache. Anayefaa kuulizwa ni mtu anayeingia kutoka nje. Mtumishi anayerejea kutoka chakula cha mchana akisita mlangoni kwa sababu ya harufu nzito, anakuwa amepima hewa ya chumba hicho bila kifaa.

Njia ya pili ni kuandika. Kwa wiki mbili, mwenye maumivu aandike saa yanapoanza, chumba alichokuwamo, idadi ya watu waliokuwamo na saa yanapoisha. Maumivu ya hewa nzito hufuata chumba: huja baada ya muda ndani, hupungua baada ya kutoka, huwapata watu kadhaa wa chumba kimoja na hayaonekani siku za mapumziko. Yakiendelea hata Jumamosi na Jumapili, chanzo kitafutwe kwingine, kama vile macho yanayohitaji miwani, kutokunywa maji, kukosa kifungua kinywa, shinikizo la damu au malaria.

Ofisi yenye uwezo inaweza kutumia kipimo cha hewa ukaa cha kuweka mezani. Kiwekwe usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi, mbali na dirisha na mbali na pumzi ya mtu, ndipo kitoe jibu la kuaminika.

Hatua rahisi kwa ofisi

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kuwa maeneo ya umma na ya kazi yapate angalau lita 10 za hewa mpya kwa sekunde kwa kila mtu. Ofisi ya mfano wetu yenye watu 12 inahitaji basi lita 120 kwa sekunde.

Kiasi hicho hupatikana kwa kuacha upenyo wa kudumu. Upenyo wa sentimita 20 kwenye madirisha mawili yenye kimo cha mita moja upande mmoja, na mwingine kama huo upande wa pili, hutosha hata kwa upepo hafifu. Jambo la msingi ni pande mbili. Hewa haiingii vizuri mahali isipoweza kutokea, hivyo chumba chenye madirisha upande mmoja tu kinahitaji mlango ubaki wazi, au kuwe na tundu la juu ya mlango. Kiyoyozi kinaweza kuendelea kufanya kazi kikiwekwa nyuzi 24 hadi 26, ingawa umeme utakaotumika utaongezeka kwa kiasi.

Njia inayotumika zaidi ni kufungua madirisha yote kwa dakika 10 wakati wa chai na wakati wa chakula. Muda huo unatosha kubadilisha hewa yote ya chumba cha mfano endapo kuna upepo unaopita. Lakini njia hiyo ina mpaka wake: madirisha yakifungwa tena watu wakiwamo, kikomo cha 1,000 kitapitwa upya baada ya robo saa hivi. Kwa hiyo inafaa kama nyongeza ya upenyo wa kudumu, wala haiwezi kuchukua nafasi yake.

Pale ambapo madirisha hayafunguki, feni ya kutoa hewa ifungwe ukutani karibu na dari. Kabla ya kununua, isomwe lebo yake: kwa watu 12 inahitajika yenye uwezo usiopungua mita za ujazo 432 kwa saa. Iwekwe upande ulio mbali na mlango, ili hewa mpya ipite chumba kizima kabla ya kutoka.

Hatua rahisi kwa darasa

Darasa lenye wanafunzi 60 linahitaji takribani lita 600 za hewa mpya kwa sekunde. Kwa upepo wa nusu mita kwa sekunde, hiyo ni sawa na uwazi wa mita za mraba 1.2 upande mmoja na kiasi hicho hicho upande wa pili. Madarasa mengi yana madirisha yanayozidi hapo, ila uwazi halisi huwa mdogo. Dirisha la aluminiamu la kuteleza hufunguka nusu tu. Wavu wa mbu ulioshika vumbi hupunguza hewa inayopita. Kabati au mbao za matangazo huwekwa mbele ya dirisha, na matofali ya matundu yaliyojengwa juu ya madirisha huzibwa kwa karatasi au saruji.

Mwalimu wa zamu anaweza kupita kila asubuhi na kuhakikisha kuwa madirisha ya pande zote mbili yamefunguliwa kabla ya wanafunzi kuingia, nyavu zimesafishwa kwa maji na matundu ya juu yako wazi. Wanafunzi watoke nje kati ya vipindi, kwani darasa lililo tupu hujisafisha haraka zaidi. Takataka zinapochomwa karibu na shule, yafungwe madirisha ya upande wa moshi pekee, na uchomaji uhamishiwe saa ambazo wanafunzi hawapo.

Tahadhari: moshi wa mkaa na jenereta

Ipo hali moja isiyopaswa kuchanganywa na hewa nzito ya kawaida. Jiko la mkaa lililowashwa ndani, au jenereta linalounguruma karibu na dirisha, hutoa kabonimonoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua. Dalili yake ya kwanza pia ni maumivu ya kichwa, yakifuatiwa na kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea.

Watu kadhaa wakiumwa kichwa kwa ghafla mahali penye chombo kinachowaka, wote watoke nje mara moja na wapelekwe kituo cha kutolea huduma za afya. Kufungua dirisha na kuendelea na kazi hakutoshi. Jenereta likae nje, angalau mita 6 kutoka madirisha na milango, na jiko la mkaa lisitumike ndani ya ofisi kuchemshia chai.

Wakati wa kumwona daktari

Maumivu makali yanayoanza ghafla, au yanayoambatana na homa, shingo kukakamaa, kutapika mfululizo, kuona ukungu au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, hayasababishwi na hewa nzito na yanahitaji matibabu ya haraka.

Kwa mahali pa kazi, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuhakikisha mazingira ya kazi hayadhuru afya za wafanyakazi, na usimamizi wake uko chini ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA). Mfanyakazi anayeona tatizo aanze kwa kulifikisha kwa msimamizi wake akiwa na kumbukumbu ya wiki mbili iliyotajwa hapo juu. Kumbukumbu hiyo, ikionyesha kuwa watu kadhaa wa chumba kimoja wanaumwa kwa saa zinazofanana, itamwonyesha msimamizi chumba kinachopaswa kufunguliwa kwanza.