Jinsi ya kudhibiti arifa, madirisha ibukizi na kamera katika kompyuta za saiba

KATIKA maduka ya intaneti ya Mji wa Kale, Mombasa, kompyuta moja huweza kutumiwa na watu wengi kwa siku moja. Mmoja huja kujaza fomu ya pasipoti, mwingine hutaka kuzungumza kwa video na jamaa aliyeko Maskati, na wa tatu husoma habari akisubiri stakabadhi yake ichapishwe. Kila mmoja huondoka, lakini ruhusa alizozipa tovuti hubaki katika kivinjari na kumngoja mteja anayefuata.

Ruhusa zinazoleta taabu zaidi ni tatu: ya kutuma arifa, ya kufungua madirisha ibukizi na ya kutumia kamera. Maelezo haya yanahusu kivinjari cha Chrome kinachotumika katika kompyuta.

Mathalan, kompyuta ya saiba karibu na Ngome ya Yesu inaanza kuonyesha onyo kila baada ya dakika chache, kwenye pembe ya chini ya kioo upande wa kulia, kwamba mashine imeingiwa na virusi. Mhudumu anaikagua kwa programu ya kuzuia virusi, nayo haioni kitu. Anaizima na kuiwasha, lakini onyo linarudi mara tu Chrome inapofunguliwa.

Mara nyingi chanzo cha hali hiyo si virusi. Kuna tovuti za kupakua filamu au kutazama mpira ambazo humwambia mgeni abonyeze Allow ili athibitishe kwamba yeye si roboti. Kitufe hicho hakithibitishi lolote, bali huipa tovuti idhini ya kutuma arifa hata baada ya ukurasa wake kufungwa. Dalili iko ndani ya onyo lenyewe: chini ya maneno ya kutisha huandikwa jina la Chrome pamoja na anwani ya tovuti iliyolituma. Virusi halisi havitangazi anwani yavyo namna hiyo.

Kufuta historia ya kivinjari pekee hakuondoi tatizo hili, kwa sababu ruhusa huhifadhiwa mahali pengine. Mhudumu anapaswa kuandika anwani ifuatayo kwenye upau wa juu:

```
chrome://settings/content/notifications
```

Hapo ataona kwanza kanuni ya jumla, kisha orodha ya tovuti zilizoruhusiwa na ya zilizokatazwa. Akibonyeza vitone vitatu mbele ya tovuti inayosumbua atapata Block na Remove, na maneno hayo mawili hayana maana moja. Remove huirudisha tovuti chini ya kanuni ya jumla. Iwapo kanuni hiyo inaruhusu tovuti kuomba, mteja wa kesho ataombwa tena na huenda akakubali. Block huifungia mlango kabisa, isiweze hata kuomba.

Kwa kompyuta ya watu wengi, njia bora ni kuchagua Don't allow sites to send notifications kama kanuni ya jumla, kisha kuziongeza kwa mkono, kwa kitufe cha Add katika sehemu ya zilizoruhusiwa, zile tovuti chache ambazo mwenye duka anazihitaji. Kanuni ya jumla haizigusi zilizomo katika orodha hiyo.

Madirisha ibukizi yana utaratibu tofauti. Chrome huyazuia tangu mwanzo yanapojifungua yenyewe bila mtumiaji kubonyeza kitu. Hili ni jema, lakini tovuti nyingine za huduma hutumia dirisha la pili kuonyesha stakabadhi au fomu iliyo tayari kuchapishwa. Mteja hulipa na kubonyeza, kisha haoni kitu, akadhani fedha zake zimepotea. Kabla ya kulipa mara ya pili, atazame mwisho wa upau wa anwani upande wa kulia. Alama ndogo ya dirisha lililokatwa mstari humaanisha kwamba stakabadhi imezuiwa na kivinjari. Akiibonyeza ataweza kulifungua dirisha hilo mara moja tu, au kuiruhusu tovuti hiyo daima.

Kosa la kawaida hapa ni kwenda katika mipangilio na kuyaruhusu madirisha ya tovuti zote kwa sababu ya tovuti moja. Kinachotosha ni kuongeza anwani ya tovuti hiyo pekee. Kwa huduma za serikali za eCitizen, mwenye duka anaweza kuandika hivi katika orodha ya zilizoruhusiwa chini ya Pop-ups and redirects:

```
[*.]ecitizen.go.ke
```

Alama za mwanzo humaanisha kwamba ruhusa inazigusa pia anwani ndogo zilizo chini ya jina hilo, kama vile accounts.ecitizen.go.ke. Bila alama hizo, anwani moja hailingani na nyingine. Muhimu ni kusoma mwisho wa jina: anwani za serikali ya Kenya humalizika kwa go.ke, na tovuti yenye neno ecitizen mwanzoni lakini mwisho mwingine haistahili ruhusa hiyo.

Kamera inahitaji tahadhari zaidi. Kanuni yake ya jumla iachwe katika hali ya kuruhusu tovuti kuomba, kwani ikifungwa kabisa hata tovuti ya mikutano ya video haitaweza kuuliza. Ombi linapotokea, Chrome hutoa majibu matatu: kuruhusu kila unapoitembelea tovuti, kuruhusu mara hii tu, au kutoruhusu kamwe. Katika saiba, jibu linalofaa ni la pili, yaani Allow this time. Mteja akishazungumza na jamaa yake na kuondoka kwenye tovuti, ruhusa humalizika, na atakayeketi baada yake hataikuta kamera ikiwa imefunguliwa mlango.

Wakati kamera inatumika, doa jekundu huonekana kwenye kichupo cha ukurasa unaohusika. Kama tovuti imeruhusiwa lakini picha haiji, huenda kizuizi kiko katika Windows, ambayo ina swichi zake za kamera chini ya sehemu ya faragha. Ruhusa ya kivinjari haiwezi kuipita hiyo.

Baada ya hayo yote hubaki kazi ya kukagua. Chrome yenyewe huondoa baadhi ya ruhusa za tovuti zisizotembelewa kwa muda, lakini haiondoi za tovuti inayotembelewa kila siku, hata kama aliyeziruhusu hayupo tena. Orodha kamili ya tovuti na ruhusa zake hupatikana hapa:

```
chrome://settings/content/all
```

Mhudumu aipitie orodha hiyo kila mwisho wa juma, akijiuliza jambo moja kwa kila jina: je, ni duka lililoipa ruhusa, au ni mteja aliyepita? Zile za wateja ziondolewe. Kazi hiyo hupungua sana iwapo wateja watafunguliwa dirisha la Guest, kwani ruhusa zitolewazo humo hufutika dirisha likifungwa.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 nchini Kenya humpa mtu haki ya kuondoa idhini yake wakati wowote. Hata hivyo, mteja aliyekwisha kurudi nyumbani kwake hawezi kuiondoa idhini aliyoiacha katika kompyuta ya saiba. Aliye karibu nayo ni mhudumu.