Jinsi ya kuisogeza mbali milima katika picha ya kuunganisha

Picha iliyounganishwa kutokana na picha mbili mara nyingi hujifichua kwa milima yake. Hata ikikatwa kwa ustadi, huonekana kama imebandikwa nyuma ya majengo. Kinachokosekana ni hewa iliyo katikati.

Vumbi, moshi na mvuke hutawanya mwanga wa jua, na sehemu ya mwanga huo hulifikia jicho kabla ya kukutana na mlima. Ndiyo maana vivuli vya mbali hupoteza weusi wake kwanza, na kila kitu huelekea kufanana na anga iliyo karibu na upeo wa macho.

Tuchukue mfano wa picha ya Nairobi iliyopigwa kutoka juu ya ghorofa, ambayo mhariri anataka kuitilia vilima vya Ngong, takriban kilomita 25 kutoka katikati ya jiji. Picha ya vilima ilipigwa kwa karibu. Katika kompyuta, weusi kamili ni 0 na weupe kamili ni 255. Kivuli cha jengo la karibu kina 20, cha jengo lililo umbali wa kilomita 5 kina 38, na anga ya upeo ina 200. Kutoka 20 hadi 200 ni hatua 180, na kivuli kimepanda hatua 18, yaani asilimia 10.

Hesabu hiyo haizidishwi kwa 5 na kuwa asilimia 50. Kila kilomita 5 huacha sehemu tisa kwa kumi za kilichobaki. Baada ya kilomita 25 hubaki asilimia 59 hivi, na ukungu huwa asilimia 41.

Kwa hiyo mhariri huchukua rangi ya anga ya upeo kwa chombo cha kudondoa rangi, huijaza katika tabaka jipya lililo juu ya vilima pekee, kisha huweka Opacity kuwa 41. Kivuli cha 20 kitapanda hadi karibu 94, na bati jeupe la 240 litashuka hadi 224 hivi. Aidha, ukungu hufifishwa kidogo kuelekea vileleni, kwa kuwa vumbi hujaa zaidi mabondeni.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kutumia buluu ya vitabuni, ilhali anga ya jiji lenye vumbi huwa ya kijivu au ya hudhurungi. La pili ni kuvuruga ukali wa picha. Ukungu wa kawaida hupunguza tofauti ya weusi na weupe, lakini ukingo wa kilima hubaki dhahiri.

Hesabu hii hudhani kuwa hewa ni ile ile njia nzima. Moshi ukitanda upande mmoja, jicho ndilo litakaloamua. Dalili ya kosa ni rahisi kuitambua: kivuli cha kilima kikiwa cheusi kuliko cha jengo lililo mbele yake, ukungu haujatosha.