Saba na moja katika vitabu vya batizo

Wakristu wa Murara, hapa Goma, walitoka parokia nyingi: Masisi, Rutshuru, Bukavu, tena Rwanda. Mutu akitaka ndoa, ao akitafuta kujua miaka ya baba yake, tunafungua kitabu cha batizo kilichoandikwa kwa mukono zamani. Mapadri Weupe walifika Nyundo, karibu na mupaka wetu, mwaka 1901, na diosezi ya Goma ilianzishwa mwaka 1959. Katika miaka hiyo mikono mingi ilipita juu ya vitabu hivyo, na kila mukono ulikuwa na namna yake ya kuandika hesabu.

Tuanze na utaratibu wa siku na mwezi. Wafaransa na Wabelgiji waliandika siku mbele, halafu mwezi. Lakini leo ndugu zetu walio Amerika wanajaza karatasi zinazotanguliza mwezi. Tuangalie tarehe mbili ambazo Goma haizisahau. 17-1-2002, siku lava ya Nyiragongo ilipoingia mujini, haidanganyi mutu, maana hakuna mwezi wa 17. Lakini 10-1-1977, siku mulima ule ule ulipopasuka zamani, Muamerika ataisoma tarehe moja mwezi wa kumi. Basi tarehe moja peke yake haitoshi. Tusome ukurasa wote: tukiona hesabu zaidi ya 12 katika nafasi ya kwanza, tunajua kwamba muandishi yule alitanguliza siku.

Mutego wa pili ni wa Kilatini. Mapadri wengine walifupisha majina ya miezi: 7bris, 8bris, 9bris, Xbris. Anayenakili bila kufikiri anaandika mwezi wa saba. Sivyo. Zamani Waroma walianza mwaka kwa mwezi wa Marsi, kwa hiyo mwezi walioita wa saba ni Septemba yetu. Vilevile 8bris ni Oktoba, 9bris ni Novemba, na Xbris ni Desemba.

Mutego wa tatu ndio mukubwa. Mukono wa Kibelgiji unaanza 1 kwa mustari mrefu unaopanda kutoka chini, hata inafanana na 7. Ndiyo sababu waliikata 7 katikati kwa mustari mdogo. Mwenye kuzoea mukono wa Kiingereza, ambamo 1 ni fimbo tu na 7 haikatwi, anasoma 1 ya Mubelgiji kuwa 7. Tena wino ukififia, ule mustari mdogo unapotea wa kwanza.

Tutoe mufano tuliotunga wenyewe. Katika kitabu tunasoma 16-4-192, na hesabu ya mwisho ni 1 ao 7, hatujui. Kwanza tutazame safu ya namba za batizo. Zile zinafuatana, basi namba iliyo kati ya 216 na 218 ni 217 bila shaka, na ile iliyo kati ya 210 na 212 ni 211. Hapo tunaona namna mukono ule ule unavyofanya 7 na 1, na tunaweza kulinganisha.

Kama bado tuna mashaka, tutafute siku ya juma. Lakini hapa haisaidii: tarehe 16 Aprili ilikuwa siku ya Posho mwaka 1921, na mwaka 1927 vilevile, maana kalenda za miaka hiyo mbili zilianza siku moja. Anayeridhika na siku ya juma atadanganyika.

Tuangalie basi sikukuu. Pembeni Padri ameandika Sabbato Sancto, maana yake Posho Takatifu, siku ya kubatiza wakatekumeni wengi. Mwaka 1921 Paska ilikuwa tarehe 27 Marsi, kwa hiyo tarehe 16 Aprili Paska ilikwisha kupita zamani. Mwaka 1927 Paska ilikuwa tarehe 17 Aprili, na Posho Takatifu ni tarehe 16 kabisa. Mwaka ni 1927. Tungesoma 1921, mutu yule angeongezewa miaka sita, na mukubwa wake angeweza kuhesabiwa kuwa mudogo wake.

Namna hii ina mipaka. Bila neno la sikukuu, na kama ukurasa hauna 7 nyingine ya mukono ule ule, shaka inabaki. Hapo tunaandika katika nakala mambo yote mawili, 1921 ao 1927, pamoja na namba ya batizo na ukurasa, ili mwingine aweze kurudi kutazama. Katika kitabu chenyewe tusipitishe wino juu ya hesabu ya zamani. Tukiifanya 7 kwa kalamu yetu, anayekuja nyuma yetu hataona tena alichoandika Padri. Ataona tu tulichodhani sisi.