Video ya ukumbi wa harusi: aina ya faili na mipangilio

Video ya ukumbi wa harusi ni filamu fupi inayoonyeshwa kwa projekta wakati wa sherehe, mara nyingi ikisimulia maisha ya maharusi kwa picha za utotoni, vipande vya simu na salamu za ndugu walioko mbali. Huandaliwa kwenye kompyuta nzuri ya mhariri, kisha huchezwa kwenye vifaa vya ukumbi ambavyo mhariri huenda hajawahi kuviona. Kwa sababu hiyo faili huchaguliwa kwa kukiangalia kifaa dhaifu kuliko vyote katika njia ya kuelekea kwenye kitambaa, hata kama kamera iliyorekodi ilikuwa na uwezo mkubwa.

Kasha na kodeki

Faili ya video ina sehemu mbili zinazochanganywa mara kwa mara. MP4 na MOV ni majina ya kasha linalobeba picha na sauti pamoja. Kodeki ni namna picha au sauti hiyo ilivyobanwa ndani ya kasha. Faili mbili zinaweza kuishia na .mp4, moja ikacheza na nyingine ikakataa, kwa kuwa kodeki zake ni tofauti.

Kwa ukumbi, chaguo salama ni kasha la MP4, picha ya H.264 na sauti ya AAC. H.264 ilitolewa mwaka 2003, na karibu kila kompyuta, televisheni na projekta yenye tundu la flashi huisoma. H.265 ya mwaka 2013 hubana zaidi, lakini projekta nyingi na kompyuta za zamani haziiwezi: sauti husikika huku kitambaa kikibaki cheusi, au picha hukwamakwama. Simu za iPhone hurekodi kwa H.265 zikiwekwa kwenye High Efficiency, anayetaka H.264 huchagua Most Compatible katika mipangilio ya kamera. Vipande vilivyokwisha kurekodiwa havina haja ya kurudiwa, kwani programu ya kuhariri hutoa faili ya mwisho kwa H.264.

Simu za karibuni pia hurekodi kwa HDR, yenye mwanga na rangi pana kuliko uwezo wa projekta ya kawaida. Ikipelekwa ukumbini bila kubadilishwa, nyuso hupauka na gauni jeupe hugeuka la kijivu. Mradi wa uhariri hupangwa kwenye Rec. 709 tangu mwanzo, ili mhariri aone rangi kama zitakavyotoka.

Ukubwa na umbo la picha

Projekta za kumbi huwa na idadi maalumu ya pikseli. Zinazokutwa mara nyingi ni za 1024 × 768, 1280 × 800 na 1920 × 1080. Asiyejua atakayoikuta hutoa faili ya 1920 × 1080, kwa kuwa projekta au kompyuta itaipunguza yenyewe. Faili ya 3840 × 2160 haiongezi chochote kwenye vifaa hivi, bali huipa kompyuta mzigo wa bure.

Umbo la picha ndilo huwashtua watu zaidi. Kwenye projekta ya 1280 × 800, video ya 1920 × 1080 huchukua pikseli 1280 × 720, na ukanda mweusi wa pikseli 40 hubaki juu na mwingine chini. Kwenye ile ya 1024 × 768 kila ukanda huwa wa pikseli 96. Hiyo si hitilafu. Hitilafu ni pale nyuso zinaporefuka au kutanuka, dalili kwamba projekta imewekwa inyooshe picha ijaze kitambaa; hurekebishwa kwenye menyu yake, sehemu ya Aspect. Majina na tarehe huwekwa mbali na kingo, karibu asilimia 5 ndani kila upande, kwa kuwa kitambaa hakikai sawasawa na mwanga siku zote.

Kasi ya data na uzito wa faili

Kasi ya data ni kiasi cha taarifa kinachosomwa kila sekunde. Tuchukue video ya dakika 12 ya sherehe jijini Dar es Salaam, itakayopelekwa ukumbini kwa flashi. Kwa megabiti 10 kwa sekunde, sekunde 720 hutoa megabiti 7,200, yaani megabaiti 900. Sauti ya kilobiti 192 huongeza megabaiti 17 hivi. Kwa picha ya 1920 × 1080, kasi hiyo inatosha.

Mhariri akipandisha hadi megabiti 50 akidhani anaongeza ubora, faili hufika gigabaiti 4.5. Flashi iliyopangwa kwa FAT32, mfumo unaosomwa na vifaa vingi vya zamani, haipokei faili moja inayofikia gigabaiti 4. Akiibadilisha flashi iwe exFAT, huenda faili isionekane kabisa kwenye orodha ya projekta.

Vipande vingi vya simu huwa na fremu 30 kwa sekunde, lakini simu hubadilisha idadi hiyo kidogo kufuatana na mwanga. Hapo ndipo midomo na sauti huanza kuachana kadiri video inavyosonga. Faili ya mwisho lazima iwe na fremu 30 zisizobadilika. Anayetumia ffmpeg kwa faili iliyokwisha kuhaririwa katika umbo la 16:9 hupata yote haya kwa amri moja:

```
ffmpeg -i harusi.mov -vf scale=1920:1080,fps=30 \
  -c:v libx264 -profile:v high -pix_fmt yuv420p \
  -b:v 10M -maxrate 12M -bufsize 20M \
  -c:a aac -b:a 192k -ar 48000 ukumbini.mp4
```

Faili iliyokamilika haitumwi kwa WhatsApp kama video ya kawaida, kwani hubanwa upya na kupoteza ukali. Ikilazimu kupita huko, hutumwa kama hati.

Sauti

Waya wa VGA haubebi sauti. Waya wa HDMI huibeba, na papo hapo huzaa tatizo lingine: kompyuta huipeleka kwenye spika ndogo ya projekta, huku spika kubwa za ukumbi zikiwa kimya. Dawa ni kuchagua tundu la hedifoni katika mipangilio ya sauti ya kompyuta, kisha kuipeleka sauti kwa waya hadi kwenye mikisa ya fundi wa muziki.

Salamu zilizorekodiwa kwa maiki moja wakati mwingine huwa upande wa kushoto peke yake. Fundi akichomeka upande wa kulia tu, shangazi ataonekana akifumba na kufumbua mdomo bila neno kusikika. Mhariri huzuia hilo kwa kuweka sauti ya mazungumzo pande zote mbili kabla ya kutoa faili.

Mwanga na jaribio la ukumbini

Projekta haitoi weusi: sehemu nyeusi ya picha ni kitambaa kisichomulikwa, na taa za ukumbi hukifanya cha kijivu. Vipande vya usiku huongezwa mwanga wa kati wakati wa kuhariri, na maandishi huwa manene na meupe juu ya rangi iliyokolea.

Jaribio hufanywa kabla ya wageni kuingia, taa zikiwa kama zitakavyokuwa. Faili hunakiliwa kwenye diski ya kompyuta badala ya kuchezwa kutoka kwenye flashi, kisha hutazamwa mwanzo, katikati na mwisho. Midomo ikilingana na sauti mwishoni, fremu ziko salama. Nakala ya pili hukaa kwenye flashi nyingine, mikononi mwa mtu mwingine. Video isiyojaribiwa kwa kompyuta, waya na projekta zitakazotumika siku hiyo haihesabiwi kuwa tayari.