Gunia

Fomu ya kuulizia bei ya jumla ikisema “viazi, magunia 4”, muuzaji wa soko la City Park, Parklands, ana haki ya kuuliza: gunia lipi? Kanuni za viazi za 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50, lakini lumbesa, lile la kichwa cha wavu juu, halijasahaulika. Tuseme hoteli imepewa bei mbili za gunia: shilingi 3,000 na 3,600. Ya kwanza yaonekana nafuu. Ikiwa gunia lake ni la kilo 50, kilo ni shilingi 60; la pili, likiwa lumbesa la kilo 80, latoa kilo kwa 45. Fomu iulize kilo, zipimwe viazi vibovu vikishatolewa. Gunia libaki chombo cha kubebea.