Mlinganyo wa IPAT na hewa ukaa ya China

Mlinganyo wa IPAT, uliotokana na mjadala wa Paul Ehrlich, John Holdren na Barry Commoner mwanzoni mwa miaka ya 1970, huandikwa I = P × A × T: athari kwa mazingira ni idadi ya watu, mara pato la kila mtu, mara teknolojia, yaani uchafuzi kwa kila kiasi cha pato.

China inaufafanua vizuri. Kati ya 1990 na 2020 watu waliongezeka mara 1.24 hivi, na pato halisi la kila mtu likapanda takriban mara 11. Kama T isingebadilika, hewa ukaa ingeongezeka karibu mara 14. Iliongezeka mara 4.4 hivi, kutoka takriban tani bilioni 2.5 hadi 11. Kwa hiyo T ilishuka hadi kama theluthi moja. Kilichosukuma ongezeko hasa ni pato, wala si uzazi.

Hata hivyo T haipimwi moja kwa moja. Hupatikana kwa kugawanya. Ndani yake mitambo bora huchanganyika na uchumi unaohamia kwenye huduma, na moshi wa bidhaa zilizouzwa nje huhesabiwa kwa China.