Beti ya Ikishinda, Beti ya Kwenda na Kurudi

Jioni moja hapa Kanazi mpwa wangu alinisogezea simu na kuniuliza, "Mjomba, hii nayo si mkeka tu?" Alikuwa amefungua ukurasa wa kampuni ya beti ya Marekani, na chini ya mechi mbili alizochagua yalikuwa yamepangwa maneno matatu: Parlay, If Bet, Reverse. Lile la kwanza halikutupa shida. Palei ndiyo mkeka wetu: unaunganisha mechi, odi zinazidishwa, na mechi moja ikienda vibaya mkeka wote umechanika. Haya mawili mengine sijayaona kwenye vibanda vya beti vya huku Ngara, na mtu akiyachukulia kuwa mikeka atakosea hesabu kabla mpira haujaanza.

Tulichukua daftari. Wamarekani huandika odi kwa namna yao: -110 maana yake unatoa 110 ili upate faida ya 100. Kwa shilingi, unaweka 11,000; ukishinda unarudishiwa dau lako pamoja na 10,000 juu yake. Kwa odi tulizozizoea hiyo ni kama 1.91. Mpwa wangu akaandika Simba mstari wa kwanza na Yanga mstari wa pili, kila moja ikicheza na mpinzani wake, zote kwa odi hiyohiyo.

Akianza na mkeka wa 11,000, Simba ikishinda anakuwa na 21,000, na zote 21,000 zinahamia kwa Yanga bila yeye kuulizwa. Yanga nayo ikishinda anapokea kama 40,090, yaani faida ya 29,090. Yanga ikipoteza, hana kitu. Zile 10,000 alizozipata kwa Simba hakuzishika hata dakika moja.

If Bet inafanya kazi nyingine. Hapo anaiambia kampuni: niwekee 11,000 kwa Simba, Simba ikishinda, chukua 11,000 tu uniwekee kwa Yanga. Faida ya 10,000 iliyotoka kwa Simba inabaki mfukoni. Zote mbili zikishinda anapata faida ya 20,000. Simba ikishinda na Yanga ikipoteza, amepata 10,000 na kupoteza 11,000, kwa hiyo ametoka na hasara ya shilingi 1,000 tu. Simba ikipoteza, amepoteza 11,000 na habari imeishia hapo. Yanga hata ishinde goli tano, hana dau juu yake.

Mpwa wangu alitulia kwenye zile tarakimu mbili, 29,090 na 20,000. "Sasa 9,090 zimeenda wapi, Mjomba?" Ni swali zuri, na jibu lake ndilo linalotenganisha beti hizi. Kwenye mkeka, mechi ya pili inachezewa 21,000. Kwenye If Bet inachezewa 11,000. Tofauti ni 10,000, na 10,000 kwa odi ya -110 zinaleta faida ya 9,090 mechi ikishinda, na zinapotea zote 10,000 ikipoteza. Ndiyo maana mkeka uliochanikia kwa Yanga unamgharimu 11,000, na If Bet iliyokwamia palepale inamgharimu 1,000. Kampuni haijampa zawadi yoyote wala kumwibia. Katika kila shilingi inayowekwa kwenye mechi, faida yake ni ileile. Mkeka unazichezesha shilingi nyingi zaidi kwa dau moja, basi.

Tukaja kwenye jina. Wazo langu la kwanza lilikuwa "beti ya masharti", nikaliacha. Mchezaji yeyote akisikia masharti anakumbuka "vigezo na masharti kuzingatiwa" ya kwenye matangazo, atadhani ni bonasi. Tena mkeka nao una sharti, kwamba lazima zote zishinde. Kinachohitajika ni neno lenye sharti na mfuatano kwa pamoja, na Kiswahili kinalo tayari ndani ya kitenzi: -ki-. "Simba ikishinda, weka kwa Yanga." Silabi hiyo moja inabeba sharti na zamu. Kwa hiyo naiita beti ya ikishinda.

Jina hili lina manufaa ya pili, nayo yanagusa fedha. If Bet ziko mbili. Tuseme beti ya kwanza ni Simba ishinde kwa zaidi ya goli moja, nayo ikashinda kwa goli moja kamili: dau linarudishwa, hakuna aliyeshinda wala aliyeliwa. Au mechi iahirishwe na beti ifutwe. Je, beti ya pili inaendelea? Katika aina moja haiendelei, kwa sababu ya kwanza haikushinda. Katika nyingine inaendelea, kwa sababu ya kwanza haikupotea. Wamarekani hulazimika kuongeza maneno ili kuzitenganisha. Sisi tunageuza kitenzi: ya kwanza ni beti ya ikishinda, ya pili ni beti ya isipochanika. Kwenye mkeka suala hili halipo, maana mechi iliyofutwa huhesabiwa kwa odi ya 1.00 na mechi zilizobaki zinaendelea. Kwa mfano wetu, Simba ikirudishiwa dau na Yanga ikashinda, mkeka unalipa faida ya 10,000, beti ya isipochanika inalipa 10,000, na beti ya ikishinda hailipi kitu zaidi ya kurudisha 11,000. Ukikuta kampuni haijaandika ni aina gani, hapo ndipo pa kuuliza kabla ya kubonyeza.

Imebaki Reverse. Mpwa wangu alidhani ni kubeti kinyume, Simba ifungwe. Ndiyo maana sitaki "beti ya kinyume", na rivasi yenyewe inaleta picha ya gari linalorudi nyuma. Maana yake ni beti mbili za ikishinda zilizopangwa kwa zamu mbili: Simba ikishinda weka kwa Yanga, na Yanga ikishinda weka kwa Simba. Naiita beti ya kwenda na kurudi, kwa kuwa mtu wa Kanazi anayekwenda Ngara mjini na kurudi anajua kuwa hizo ni safari mbili na nauli mbili.

Nauli mbili ndizo zinazosahaulika. Ukiandika 11,000, dau lililo hatarini ni 22,000. Zote zikishinda, kila upande unaleta 20,000, faida ni 40,000. Zote zikipoteza, hasara ni 22,000. Moja ikishinda na nyingine ikapoteza, upande ulioanza na mshindi unapoteza 1,000, na upande ulioanza na aliyeshindwa unapoteza 11,000, jumla 12,000. Watu huichagua ili wasihangaike kujua ipi ianze, kumbe wameikubali ile hasara ndogo na ile kubwa kwa pamoja. Angebeti Simba peke yake na Yanga peke yake, 11,000 kila moja, matokeo hayohayo ya moja kushinda na nyingine kupoteza yangemtoa na hasara ya 1,000.

"Lakini Mjomba," akasema, "Simba inacheza saa kumi na Yanga saa moja usiku. Upande wa kurudi utawezekanaje, wakati Simba imeshamaliza?" Nikamwonyesha kwamba zamu ni ya kwenye tiketi, haifuati saa. Kampuni inasubiri matokeo yote mawili kisha inakokotoa kana kwamba Yanga ilitangulia. Upande wa kwenda angeweza kuufanya mwenyewe kwa mkono: abeti Simba, angoje filimbi ya mwisho, kisha abeti Yanga kwa 11,000. Upande wa kurudi hauwezekani kwa mkono, na ndio hasa anaouziwa. Akachora mishale miwili kwenye daftari, mmoja kutoka Simba kwenda Yanga, mwingine kutoka Yanga kwenda Simba, na pembeni ya kila mshale akaandika 11,000.